Vijiti vimejaa, mtandao umekufa: kutafuta chanzo cha intaneti ya simu inayobadilika kutwa Mombasa

Meza yangu ya ufundi iko Mwembe Tayari, na nimezoea kwamba malalamiko yana saa zake. Asubuhi naletewa simu zilizovunjika vioo. Kuanzia magharibi naletewa simu nzima kabisa, na mwenyewe anasema, "Fundi, hii imeharibika netiwaki." Nikimwambia aje kesho saa moja asubuhi tuijaribu pamoja, akija simu inaruka kama swala. Hajaguswa mtu wala kitu.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo zinazorudi kila wiki. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta zaidi, kisha vile vya nadra. Saa zote ni za Kiswahili: saa tatu usiku ndiyo 21:00 kwenye kioo cha simu.

Kwanza, mnara unagawaje

Mnara mmoja kwa kawaida hubeba antena zilizoelekezwa pande tatu, na kila upande unahudumia kama thuluthi ya duara. Kila upande una uwezo wake, na wote mlio upande huo mnagawana. Kwa 4G yenye mkanda wa megahezi 20, kiwango cha karatasini ni Mbps 150 kwa upande. Mtaani, watu wakiwa wengine karibu na wengine mbali, jumla inayopatikana ni makumi machache tu. Chukua upande unaotoa jumla ya Mbps 40. Wakipakua watu wanne kwa pamoja, kila mmoja atapata kama 10. Wakiwa arubaini, ni 1.

Waliokulia Mombasa wanaijua foleni ya madumu kwenye mfereji. Mnara ni mfereji huo, na zamu zinagawanywa upya kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini kuna jambo ambalo watu hawalijui: mwenye netiwaki dhaifu ni kama aliyekuja na dumu la mdomo mwembamba. Lazima afunguliwe maji kidogo kidogo, na akitaka lita zilezile anakaa mferejini muda mrefu kuliko wengine. Kwa hiyo jirani aliyejifungia chumba cha ndani chenye kuta nene na anatazama mpira hachelewi peke yake. Anakuchelewesha na wewe uliyekaa barazani.

Vijiti vya netiwaki juu ya kioo vinakuonyesha mnara unasikika kwa nguvu gani. Havikuonyeshi foleni.

Kabla ya kugusa chochote: daftari

Pima mara tatu kwa siku, kwa siku tatu: baada ya swala ya alfajiri, saa saba mchana, na saa tatu usiku. Simu iwe ileile, mahali pawe palepale, na programu ya kupimia iwe na seva ileile. Andika mambo manne: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, Ping, yaani muda ambao ujumbe mdogo unachukua kwenda kwenye seva na kurudi, na nguvu ya netiwaki.

Nguvu hiyo usiisome kwa vijiti. Kwenye Samsung nyingi piga `*#0011#`, kwenye iPhone piga `*3001#12345#*`, na kwenye Android nyingi nyingine jaribu `*#*#4636#*#*`. Tafuta namba iliyoandikwa RSRP. Ni namba hasi: -80 ni nzuri sana, -100 ni ya kawaida, na ikipita -110 kuelekea -120 umefika ukingoni. Ikiwepo RSRQ, ambayo ni namba ya ubora wa netiwaki, iandike pia. Hiyo huporomoka mnara na jirani zake wakilemewa hata kama RSRP haijasogea, na ndiyo maana ni shahidi mzuri.

Tahadhari mbili. Kipimo kimoja kinakula bando: kwa kasi ya Mbps 40, sekunde 10 za kupakua ni MB 50, na kupakia bado. Ya pili, usipige namba nyingine za siri ulizotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nilizotaja hapa ni za kutazama. Kuna nyingine ziliwahi kutembezwa ambazo hufuta simu yote, picha za harusi na kila kitu.

Dalili ya kwanza: alfajiri inaruka, usiku inakwama, na vijiti vimejaa muda wote

Hii ndiyo dalili ya wengi, na chanzo chake mara nyingi ni msongamano kwenye upande wa mnara unaokuhudumia. Chanzo cha pili ni bando lililopunguzwa kasi. Cha tatu ni waifai ya nyumbani ikigombana na za majirani. Cha mwisho, na cha nadra, ni tatizo la mbali nje ya Mombasa kabisa. Mpangilio wa kukagua lakini ni kinyume kidogo, kwa sababu bando na waifai ni rahisi kuvitoa njiani.

Nitaeleza kwa kisa kimoja nilichokipima mwenyewe. Ustadhi mmoja wa Bombolulu anasomesha Kurani kwa njia ya video watoto wa Kiswahili wanaoishi Ghuba na wazazi wao. Madarasa yake ni baada ya isha, saa mbili na nusu hadi saa nne. Ana ruta ya laini ya simu, ameiweka dirisha la sebuleni ghorofa ya pili, inatazama barabara ya Malindi. Aliniambia, "Mwanangu, vijiti vyote vimejaa, lakini wanafunzi wananiona kama picha ya ukutani. Nasoma aya, wao wanasikia nusu." Alikuwa ameshabadilisha ruta mara moja. Pesa ile ilipotea bure.

Siku ya kwanza tulianza na waifai. Nilichomoa laini kutoka kwenye ruta nikaiweka kwenye simu, nikazima waifai, nikapima palepale dirishani. Matokeo yalikuwa yaleyale, kwa hiyo waifai haikuwa na hatia. (Ingekuwa kasi imepanda sana kwenye simu, ningebadilisha chaneli ya ruta na kuisogeza, na kisa kingeishia hapo.)

Kisha bando. Bando lililopunguzwa kasi lina tabia ya kujulikana: linaganda kwenye namba moja. Alfajiri 2, mchana 2, usiku 2. Kipimo huanza kwa kuruka kidogo kisha kinalala bapa kama kimekatwa kwa rula, na Ping huwa nzuri tu wakati hupakui kitu. Mabando mengi yanayoitwa ya bila kikomo yana kiwango cha matumizi ambacho ukikipita unapunguzwa hadi mwezi uishe, na maandishi hayo huwa madogo. Msongamano hauna ubapa huo. Unayumba, dakika hii 3, dakika ijayo 0.7, na Ping inaruka ovyo.

Daftari la ustadhi, wastani wa siku tatu, lilikuwa hivi:

| Saa | Kupakua (Mbps) | Kupakia (Mbps) | Ping (ms) | RSRP | RSRQ |
|---|---|---|---|---|---|
| 11 alfajiri | 38 | 14 | 34 | -84 | -8 |
| 7 mchana | 15 | 11 | 52 | -85 | -11 |
| 12 jioni | 7 | 8 | 95 | -84 | -13 |
| 3 usiku | 1.6 | 4 | 290 | -85 | -15 |
| 6 usiku | 10 | 11 | 60 | -84 | -11 |

Tazama safu ya RSRP. Haikutikisika. Mnara anausikia vilevile alfajiri na usiku, kwa hiyo ruta mpya, antena kubwa, au kuipandisha ruta juu ya kabati kusingemsaidia lolote. Kilichobadilika ni foleni. Bando si lawama, kwa sababu bando lililopunguzwa lisingempa 38 alfajiri. Na kupakia kumeshuka kidogo kuliko kupakua, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa usiku wengi wanatazama na wachache wanatuma.

Somo la video halihitaji kasi kubwa, Mbps 1.5 za kupakua na 1.5 za kupakia zinatosha kama hazikatiki. Kilichokuwa kinamuua ni hiyo Ping ya 290, na kuyumba kwake. Ukitaka kuiona kwa macho yako, unganisha kompyuta na uandike:

```
ping -n 50 8.8.8.8
```

(Kwenye Linux na Mac weka `-c` badala ya `-n`.) Alfajiri namba zilikaa karibu 34 zote. Saa tatu usiku zilikuwa 60, kisha 410, kisha 180, na kati ya hamsini, tatu hazikurudi kabisa. Sauti ya msomaji haiwezi kupita salama kwenye njia hiyo.

Sasa tiba. Foleni ya mnara huwezi kuiondoa. Unaweza tu kuhama foleni, na kuna njia nne. Anza na isiyo na gharama.

Ya kwanza ni kuhama upande wa mnara. Tulizunguka nyumba na ruta mkononi saa tatu usiku ileile, dirisha kwa dirisha. Dirisha la jikoni linatazama nyuma, upande wa bara. Pale namba iitwayo PCI, ambayo hutambulisha upande wa mnara uliokushika, ilibadilika, maana yake tulikuwa tumeshikwa na antena nyingine kabisa. RSRP ikashuka hadi -99 na vijiti vikabaki viwili. Ustadhi akatikisa kichwa: "Huku ndiko kubaya zaidi." Nikapima. Kupakua 9, kupakia 5, Ping 58. Vijiti viwili vikawashinda vinne, kwa sababu antena ya nyuma ilikuwa na watu wachache na ile ya barabarani ilikuwa imebeba maduka, matatu na nyumba zote za mbele.

Hilo lina mpaka wake. Usifuate utupu wa foleni hadi ukafika RSRP ya -112, kwa sababu huko kupakia ndiko kutakufa kwanza. Mnara una nguvu nyingi za kukufikia. Simu yako ina kama sehemu moja ya tano ya wati kumjibu. Kwa anayefundisha au kuuza kwa video ya moja kwa moja, kupakia ndiyo kazi yenyewe. Mimi sishuki chini ya -105 nikiwa na hiari.

Na ruta ikishakaa, iachie robo saa halafu itazame tena. Minara nayo husukuma wateja kutoka bendi moja ya masafa kwenda nyingine. Ikirudi yenyewe kwenye PCI ya zamani, isogeze nyuma zaidi hadi ukuta uikinge na antena ya barabarani. Ukuta ambao siku zote unaulaumu, hapa unakufaa.

Ya pili ni kuhama bendi. Masafa ya chini kama megahezi 800 hufika mbali na hupenya kuta, kwa hiyo huvuta watu wengi. Ya 1800 hupenya kidogo, lakini mara nyingi huwa na nafasi zaidi kwa aliye dirishani. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio wa kuchagua bendi. Jaribu moja moja saa ya msongamano, si mchana. Kwenye simu kuwa makini: ukiilazimisha kwenye "LTE only" na laini yako haina huduma ya kupiga simu kupitia 4G, hutapokea simu wala hutajua kuwa umepigiwa. Nimeletewa simu ya namna hiyo ambayo mwenyewe alikaa siku mbili akidhani wateja wamemtoroka.

Ya tatu ni kuhama kampuni. Hapa watu huchanganyikiwa na minara ya pamoja. Utaona mlingoti mmoja una antena za kampuni mbili au tatu, na unadhani foleni ni moja. Kinachoshirikiwa ni chuma, uzio, stima na jenereta. Masafa na mitambo ya redio ni ya kila mmoja, kwa hiyo kampuni moja inaweza kuwa imesongamana huku nyingine, mita mbili chini yake kwenye chuma kilekile, ina nafasi tele. Nunua laini ya pili na bando dogo la siku, pima saa tatu usiku mahali utakapokaa, ndipo uamue. Usipime mchana dukani kwa muuzaji. Na uangalie isiwe laini inayopanda mgongo wa mitambo ya mwingine, kama Equitel inavyotumia mitambo ya Airtel; ukitoka kwa huyu ukaenda kwa yule, umebaki kwenye foleni ileile.

Ya nne ni kuhama saa. Masasisho ya simu, filamu, nakala za picha, yote yapange usiku wa manane au alfajiri. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye kila simu ya nyumbani, maana simu tano zikijisasisha wakati wa somo, msongamano mwingine umeuzalisha mwenyewe ndani ya nyumba.

Ramadhani daftari lako la kawaida litupe. Wakati wa futari mtandao unatulia, baada ya tarawehe unajaa, na unaendelea kujaa hadi karibu na daku. Ustadhi alipima upya mwezi ule na saa yake nzuri ikawa ile ambayo kawaida ni mbaya: muda mfupi baada ya magharibi, watu wakiwa bado kwenye sahani.

Dalili ya pili: kwenye mkusanyiko wa watu, 4G inaonekana lakini hakuna kinachopita

Foleni ya feri Likoni asubuhi na jioni, soko la Kongowea, Mama Ngina siku ya Idi. Alama ya 4G iko, ujumbe wa WhatsApp una saa ndogo pembeni, ukurasa mweupe.

Chanzo cha kwanza ni kwamba simu haipati hata zamu ya kuomba. Kabla ya kupewa data, simu lazima ibishe hodi kwa mnara, na mlango wa hodi ni mwembamba. Simu elfu zikibisha pamoja, nyingi hazisikiki, zinangoja kidogo zinabisha tena. Ndiyo maana ukiwasha na kuzima hali ya ndegeni kila dakika unazidisha tatizo. Unairudisha simu mwanzo wa mstari. Chanzo cha pili, hasa feri ikishang'oa, ni simu kukabidhiwa kutoka mnara wa kisiwani kwenda wa Likoni pamoja na abiria wote kwa mpigo.

Washa na kuzima hali ya ndegeni mara moja tu. Isiposaidia, sogea mita 150 au 200 kutoka penye umati, hasa kuzunguka kona ya jengo, ili ushikwe na antena nyingine. Kama ni malipo, tumia menyu ya namba zenye nyota na reli badala ya programu: inapita kwenye njia ya ishara za simu, haihitaji data, na mara nyingi hupita pale ambapo programu inazunguka tu. Lakini ukiona muamala umekwama, usirudie kabla hujaangalia salio. Tiketi, ramani na picha ya risiti vihifadhi kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Wanaobaki kwenye simu ya 3G wana dalili ya ziada: jioni netiwaki yenyewe inapotea, si kasi tu. Mnara wa 3G ukilemewa, eneo lake hunywea, na waliokuwa ukingoni wanajikuta nje. Watakwambia kila magharibi mnara unazimwa. Haujazimwa.

Dalili ya tatu: stima ikipotea, mtandao unafuata

Stima inakatika Mikindani, simu yako ina chaji, na vijiti vimebaki palepale. Baada ya dakika tano intaneti haina maana.

Kinachotangulia ni majirani. Nyumba zote zenye intaneti ya faiba zimepoteza ruta zao kwa mpigo mmoja, na kila mtu amehamia data ya simu. Mtaa mzima umeingia kwenye foleni iliyokuwa ya nusu ya mtaa. Dalili hii huja mara moja, RSRP ikiwa ileile.

Cha pili huja baadaye, saa moja, mbili au zaidi, betri za mnara zikichoka na jenereta haikuwaka. Hapo RSRP inashuka ghafla, kwa mfano kutoka -85 hadi -106, na PCI inabadilika: mnara wako umezima, umechukuliwa na wa mbali, ambao sasa unabeba wateja wa minara miwili. Hata stima ya kwako ikiwa ipo, mnara unaweza kuwa kwenye laini nyingine iliyokatika.

Kama una ruta ya faiba, betri ndogo ya kuiendesha kwa volti 12 huondoa tatizo hili kwa saa kadhaa, mradi faiba yenyewe bado ina uhai. Hakikisha volti na amperi zinalingana na maandishi ya kibandiko chini ya ruta. Ukitaka kuiunganisha na betri ya gari au sola kwa waya wako mwenyewe, simama hapo, mwite fundi umeme. Betri ya gari ikipigwa shoti huyeyusha waya na huwasha moto kabla hujapata pa kukimbilia.

Dalili ya nne: inakwama saa zote, alfajiri hata usiku

Huu si msongamano, kwa sababu msongamano hulala. Angalia bando kwa ule ubapa nilioueleza. Halafu nguvu: nyumba za mawe za Mji wa Kale, zenye kuta za matumbawe, zinaweza kukutoa -88 uchochoroni hadi -112 chumba cha ndani. Toka barazani upime. Kasi ikirudi, lawama ni ukuta. Yanayobaki ni simu isiyo na bendi za 4G zinazotumika Kenya, au kadi ya laini ya zamani ya enzi ya 3G. Kadi inabadilishwa kwenye duka la kampuni na namba inabaki ileile.

Dalili ya tano: jana ilikuwa nzuri, leo mbaya kutwa nzima, na kila mtu analia

Mvua kubwa za masika zikimwagika, masafa ya simu yako hayaumii sana. Kinachoumia ni kiungo cha sahani kati ya mnara na mnara mwingine, kile kinachotumia masafa ya juu mno, kwenye minara isiyofikiwa na faiba. Mvua ikipita, kasi inarudi ndani ya dakika chache. Ngoja tu.

Ukiona kampuni zote zimekwama, tovuti za hapa nchini zinafunguka na za ng'ambo hazifunguki, shuku nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Watu huniuliza, nyaya hizi zinatua hapahapa Mombasa, mbona sisi hatuna kasi ya kutisha? Waya unatua pwani, lakini wewe hujaunganishwa na waya. Umeunganishwa na ule upande wa mnara, pamoja na jirani na mpira wake.

Pa kusimama

Usinunue vile visanduku vya kuongeza netiwaki vinavyouzwa bila kibali. Vifaa vya mawasiliano vinahitaji kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kisanduku kibovu hurusha kelele zinazoharibu mnara kwa mtaa mzima. Tena kwa dalili ya kwanza hakifai kitu: kinakuza sauti ya mnara, na sauti haikuwa tatizo. Antena ya nje juu ya paa ni kwa dalili ya nne pekee, na apande fundi, asipande karibu na nyaya za stima wala wakati wa radi. Uzio wa mnara usiuvuke kwa sababu yoyote.

Ukishahama dirisha, bendi na laini, na bado saa tatu usiku uko chini ya Mbps 1, kilichobaki ni cha kampuni: kuongeza uwezo wa mnara. Usiwaambie "netiwaki mbaya." Ustadhi alipiga mara mbili kwa maneno hayo, akaambiwa azime simu na kuiwasha. Mara ya tatu nilimwandikia cha kusema: mtaa, PCI, RSRP ya -85 muda wote, Mbps 38 saa kumi na moja alfajiri na 1.6 saa tatu usiku, siku tatu mfululizo. Akaomba namba ya malalamiko na kuiandika nyuma ya daftari lilelile. Bila namba hiyo huna cha kuonyesha, maana Mamlaka ya Mawasiliano itakuuliza kwanza kama kampuni ilipewa nafasi ya kurekebisha. Lalamiko lake bado liko wazi, na ruta iko jikoni, karibu na mtungi wa gesi, vijiti viwili.